Siku moja maishani mwangu: naedit kipindi cha mashindano, na leo kuna mtu anatolewa

Saa 2 asubuhi nishakaa mbele ya skrini, hedifoni masikioni. Watu wakijua naedit mashindano ya riality swali lao ni moja, eti mshindi mnampanga? Matokeo yanafika kwangu yameshaamuliwa. Ninachopanga mimi ni vile utakavyojisikia ukiyaona, na hiyo nguvu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Leo ni mashindano ya mafundi wa kushona. Kamera 8 zimerekodi kama saa 12, ukijumlisha ni karibu saa 96 za picha, na kinachoenda hewani ni dakika 44. Asubuhi yote naanzia mwisho narudi nyuma: najua dada wa gauni la kijani anatoka, zipu ilimfumuka jukwaani na majaji wote walikubaliana mapema kabisa. Sasa ukionyesha hivyo hivyo hakuna atakayesubiri hadi mwisho, kwahiyo natafuta wa pili aliyekuwa hatarini. Kuna kijana wa suti, jaji mmoja alimwambia mabega yamekaa vibaya, alisema kweli, mimi nayaacha maneno hayo yasikike vizuri tu. Hiyo sina tatizo nayo.

Saa 5 hadi saa 7 ni chalenji, kukata vitambaa, saa ya ukutani, watu wanakimbia, basi.

Saa 8 prodyuza kaingia na hapo ndo siku ilipoharibika. Anasema dada akitoka hivi watu watamwonea huruma na watawachukia majaji, kwahiyo aonekane ana kiburi kwanza. Kwenye mahojiano ya pembeni, yale ya mtu peke yake mbele ya kamera, dada alisema: "Sijali majaji wakinitoa leo, maana najua nimetoa kila nilichonacho." Prodyuza anataka nikate pale "Sijali majaji." Nukta.

Niwaelezee inavyofanyika, maana inafanyika. Ukikata tu hapo sauti inabaki juu, masikio yanajua sentensi haijaisha. Kwahiyo unatafuta mahali pengine dada huyohuyo alipomalizia sentensi kwa neno majaji, sauti imeshuka, unalichomeka. Mdomo hautaendana, basi unaficha uso wake, unaweka picha ya mikono yake au mwenzake anayemtazama. Kazini tunaita frankenbaiti. Halafu unaongeza jicho alilozungusha wakati anasubiri mafundi warekebishe taa, linaonekana kama anamjibu jaji. Washiriki huwa wanaambiwa wavae nguo zilezile kwenye mahojiano, ndiyo maana maneno ya siku mbili tofauti yanaungana bila wewe kushtuka.

Ukitaka kukamata, sikiliza pale maneno makali yanapotoka huku msemaji haonekani, afu mlio wa chumba nyuma yake unabadilika ghafla. Na angalia saa ya ukutani kwenye picha za watu wakishangaa, mara nyingi inaruka mbele na nyuma.

Nimebishana naye mpaka saa 10 na nusu. Kufupisha nafupisha kila siku, dakika 20 za majaji nafanya 2, lakini mtu akitoka na maana aliyoingia nayo. Hii inageuza maana. Yeye anasema ni sekunde 3 tu. Ni sekunde 3 ambazo huyo dada atatukanwa nazo mtandaoni na hana picha za kujitetea, picha zote ziko kwangu!

Na haiishii kwake. Wiki za mwisho majaji wanabaki kutoa maoni, kura zinapigwa na watu, laivu, na kura ni ya kumwokoa unayempenda. Hapo anayependwa sana na wachache na kuchukiwa na wengi anabaki, anayekubalika kwa kila mtu kama chaguo la pili anatoka, maana hakuna anayepiga kura kwa ajili ya chaguo la pili. Kijana wa suti nikimfanya leo aliyenusurika mbele ya dada mwenye kiburi nakuwa nimemtafutia mashabiki kabla hata laini za kura hazijafunguliwa. Aliyeshona vizuri kimyakimya wiki nzima ana sekunde 40 kwenye taimlaini yangu, na mtu asiyeonekana hapigiwi kura. Jioni nimemwongezea, nimepata dakika moja na nusu kwa kupunguza mbiombio za chalenji.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa, macho yanauma, mgongo umekufa ganzi. Nimeweka sentensi ya dada nzima, uso wake unaonekana, hakuna mkato. Nimetuma vesheni hiyo na ujumbe kwamba ile nyingine mimi siitengenezi. Prodyuza kajibu kesho wataangalia na wakubwa. Wakitaka kuikata watampa mhariri mwingine, uwezo huo wanao.