Thieta iliyoanza kuvuta hewa ya korido: nilivyorudisha presha

Dalili ya kwanza ilikuwa mlango. Sista msimamizi wa thieta moja hapa Arusha aliniambia, "Fundi, huu mlango siku hizi unavutwa ndani, haukai kwenye fremu." Mlango wa thieta wa kusukuma pande zote ukivutwa ndani, hewa ya korido ndiyo inayoingia kwa mgonjwa. Niliwasha kalamu ya moshi kwenye mwanya wa chini, na moshi wote ukaelekea ndani.

Chumba chenyewe kina mita 6 kwa 6, dari mita 3, yaani mita za ujazo 108. Kiwango cha ASHRAE 170, cha Marekani kuhusu hewa ya hospitali, kinataka hewa ibadilike mara 20 kwa saa, kwa hiyo feni inatakiwa kuingiza mita za ujazo 2,160 kwa saa. Kiwango hicho hicho kinataka presha ya thieta izidi ya vyumba jirani kwa paskali 2.5 au zaidi. Mimi huwa nalenga 15 juu ya korido, kwa sababu 2.5 inapotea mara tu mpira wa mlango ukichakaa. Kwa presha, chumba cha vifaa visafi kinakaa juu kidogo ya thieta, na chumba cha uchafu chini ya korido.

Kupata hizo 15 ni suala la tofauti kati ya hewa inayoingia na inayotolewa. Mlango wa upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.1, wenye mbawa mbili na mwanya wa milimita 3 kuzunguka na katikati, una uwazi wa jumla wa mita za mraba 0.028. Kwa kanuni Q = 0.83 × A × √ΔP, ambapo Q ni hewa inayovuja kwa mita za ujazo kwa sekunde, A ni uwazi na ΔP ni tofauti ya presha, kwenye paskali 15 unavujisha takriban mita za ujazo 320 kwa saa. Basi ukiingiza 2,160, toa 1,840.

Nilipima kwa hudi, kifuniko cha kupimia kiasi cha hewa, chini ya grili za dari nikapata 1,510 tu, sawa na mabadiliko 14 kwa saa. Kwenye grili za kutolea hewa nilipata 1,790. Hapo ndipo kiini cha tatizo: feni ya kuingiza inasukuma kupitia filta tatu, yaani G4 ya awali, F8 ya kati na hepa ya mwisho inayochuja chembe ndogo kabisa, ilhali ile ya kutoa haina hata moja. Filta zikiziba, upande mmoja unashuka na mwingine unabaki karibu palepale. Upungufu wa 280 ulikifikisha chumba kwenye paskali 11 chini ya korido. Kwa hiyo filta chafu haipunguzi usafi tu, inageuza mwelekeo wa hewa.

Filta gani? Geji ya hepa ya H13 darini ilisoma paskali 94, na ilipokuwa mpya ilisoma 135. Usiiamini geji hiyo peke yake. Presha inayopotea kwenye hepa inapanda na kushuka pamoja na kiasi cha hewa. Hewa ikishuka hadi asilimia 70, 135 inakuwa 94. Hepa ilikuwa nzima, ila haikuwa inapata hewa. Filta ya awali, G4, ilisoma 240 ilhali sisi tunaibadilisha ikifika 150. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu la barabara, kama ilivyo kawaida yetu kuanzia Juni hadi Oktoba.

Mwinuko nao unachangia. Arusha iko karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi, na feni kwa mwendo uleule inatoa presha pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Hepa haikupunguzii kitu kwa hilo, kwani ukinzani wake unategemea mnato wa hewa, si uzito wake. Feni iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari inaishiwa nguvu mapema filta zikichafuka.

Nilizima mashine baada ya orodha ya upasuaji kwisha, nikatoa G4, nikafuta fremu, nikaweka mpya na kuhakikisha hakuna mwanya pembeni, maana vumbi linalopita pembeni linakwenda moja kwa moja kwenye filta ya F8. Nilikagua pia mkanda wa feni. Hewa ikarudi 2,140, hepa ikasoma 134, korido ikaachwa chini kwa paskali 14.

Wengi hukimbilia kubana dampa ya kutolea hewa, kile kilango cha kurekebisha hewa inayopita, ili presha irudi. Presha itarudi kweli, lakini mabadiliko yanabaki 14, na siku filta ikibadilishwa mlango unakuwa mzito kufunguka. Dampa inaguswa filta zikiwa safi, milango imefungwa, na hudi iko mkononi.

Kwenye mashine hiyo nimechora alama mbili kwenye geji ya G4: 55 ya filta mpya na 150 ya kubadilisha. Miezi ya vumbi inasomwa kila wiki, na kando ya kila namba inaandikwa presha ya thieta.