Nilivyolipa gari la biashara kwa simu bila kuacha mlango wazi

Mwezi Novemba mwaka jana nilinunua Probox ya kusambazia mikate. Bei tuliyokubaliana na mwenye yadi pale Mombasa ilikuwa shilingi 1,150,000. Siku hiyo, Jumatano, nikamwachia arubuni ya 100,000, akaniandikia invoisi na kunipa siku saba za kumaliza. Salio likawa 1,050,000. Ijumaa nilikuwa nasafiri kwenda Lamu kwenye harusi ya binamu yangu, na nisingerudi kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo hizo hela zingetoka kwa simu, ama zisingetoka.

Kikomo changu cha kutuma kwa siku kilikuwa 150,000. Nilikiweka chini kwa hiari yangu mwenyewe, maana biashara ya mikate haina siku inayohitaji zaidi ya hapo. Na benki yangu ina kanuni nyingine: mpokeaji mpya ukimwongeza, kwa saa 24 za kwanza huwezi kumtumia zaidi ya 20,000 kwa jumla. Zamani kanuni hiyo ikinikera. Mtu ni wangu, hela ni zangu, mwanisubirisha nini?

Jumatano usiku, saa tatu hivi, nikafungua programu ya benki, nikaingia `Add Beneficiary`, nikachagua benki ya yadi, nikaandika namba ya akaunti kutoka kwenye invoisi na jina la yadi. Ikaja OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja, nikaiingiza, nikapata ujumbe kwamba mpokeaji ameongezwa. Nikalala nikiwa na raha zangu.

Alhamisi usiku, saa 24 zimetimia, nikasema nijaribu kwanza na shilingi 100. Kwa njia ya PesaLink, ile ya kutuma hela papo hapo kutoka benki moja hadi nyingine, benki yangu hukutafutia jina halisi la mwenye akaunti na kukuonyesha kabla hujathibitisha. Lililotokea halikuwa la yadi. Lilikuwa jina la mtu, mwanamke, ambaye sijawahi kumsikia. Nikarudi kwenye invoisi na kidole, tarakimu moja moja: mahali pa 47 nilikuwa nimeandika 74.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani miaka yote. Jina linalokaa kwenye orodha yako ya wapokeaji, kwa benki kama yangu, ni lile uliloliandika wewe mwenyewe. Ni kibandiko tu. Ningeandika "Sultani wa Zanzibar" lingekaa vilevile. Kinachopeleka hela ni namba, na jina la kweli hulioni mpaka ujaribu kutuma. Yaani nililala usiku mzima na mpokeaji mwenye jina la yadi na akaunti ya mtu mwingine.

Kosa langu la pili lilikuwa kungoja saa 24 ndipo nijaribu. Ile 20,000 ya siku ya kwanza inatosha kabisa kutuma shilingi 100. Ningejaribu dakika ileile ya Jumatano, ningegundua kosa Jumatano. Sasa ilibidi nimfute, nimwongeze upya, na saa ikaanza kuhesabu kutoka sifuri. Namba ya akaunti haibadilishwi katikati ya safari, na ina sababu: lau ingeruhusiwa, mwizi angechukua mpokeaji wako wa zamani, abadilishe namba chini ya jina lilelile, na kusingekuwa na kusubiri kokote.

Mara hii nikatuma zile 100 papo hapo. Jina la yadi likatokea kama lilivyo kwenye invoisi. Nikampigia mwenye yadi kwa namba niliyoichukua kwenye kibao cha ofisi yake.

"Mzee, shikamoo, umeona shilingi mia?"

"Marahaba mama. Nimeiona, imeingia saa tatu na robo. Sasa mia moja na mimi nikufanyie nini?"

Tukacheka. Nikawa nina hakika na akaunti, ila saa zangu zingemalizika Ijumaa usiku.

Ijumaa saa sita mchana niko gatini Mokowe nasubiri boti ya kuvukia Lamu, simu ikalia. Kijana, Kiswahili safi, akanitaja kwa jina kamili. Akajitambulisha kuwa anatoka idara ya usalama ya benki yangu.

"Mama, kama umeongeza mpokeaji mpya wiki hii na unasubiri, tunaweza kukuondolea hayo masaa sasa hivi. Utapata namba kwa ujumbe, nisomee tu."

Sitajifanya hodari. Nilikuwa nimeshachoka na kusubiri, na aliyekuja kunipunguzia nilimwona kama malaika. Ujumbe ukaingia kweli, kutoka kwa jina lilelile ambalo benki hutumia siku zote. Kilichoniokoa ni kwamba jua lilikuwa kali, kioo hakionekani vizuri, ikanibidi niusogeze karibu na kuusoma wote badala ya kunyakua tarakimu sita tu. Haukutaja mpokeaji wala masaa. Ulisema namba hii ni ya kusajili akaunti yangu kwenye simu nyingine. Ningeisoma, yeye angekuwa na benki yangu mkononi mwake kabla boti haijafika.

Nikakata. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu, nikaeleza. Dada aliyepokea akaniambia kuna mtu amejaribu kusajili simu na ameshazuiwa, akanitaka nibadilishe PIN. Nilimuuliza walijuaje kuhusu mpokeaji.

"Hawakujua, mama. Ndiyo maana alisema 'kama'. Huwauliza watu mia, mmoja huwa ameongeza."

Na jina langu, kitambulisho na namba ya simu? Hesabu mwenyewe ni majengo mangapi umeingia mwezi huu ukaandika hayo matatu kwenye daftari la bawabu, pamoja na wote waliokutangulia kwenye ukurasa ule.

Kuanzia hapo ile kanuni ya kusubiri nikaiona kwa jicho jingine. Mwizi akishaingia kwenye akaunti yako, kitu cha kwanza hutaka ni mpokeaji wake, na cha pili ni kikomo kikubwa. Saa 24 ni muda wako wewe wa kuona ujumbe wa "mpokeaji ameongezwa" na kupiga kelele. Lakini muda huo una maana endapo tu mambo hayo mawili hayafanyiki pamoja. Mimi, kabla ya simu ya yule kijana, nilikuwa nimepanga kupandisha kikomo Ijumaa hiyohiyo, "nikiwa nasubiri", na kukiacha juu mpaka nirudi Mombasa. Ningekuwa na siku sita za kikomo cha milioni huku nikikesha kwenye ngoma za harusi, simu ndani ya mkoba.

Nikapanga upya. Yule dada wa benki alinishauri nijaze kaunta fomu ya RTGS, uhamisho wa benki kwa benki wa hela nyingi, kwa malipo ya mara moja hiyo ndiyo njia safi kwani kikomo cha simu hakiguswi. Ni kweli, na ningekuwa Mombasa ningefanya hivyo. Lakini fomu inataka niwepo tawini mwenyewe, na mimi nilikuwa kisiwani na shughuli za watu.

Kugawanya malipo ndilo jambo la kufikiria kabla hujagusa kikomo. 1,050,000 kwa 150,000 ni siku saba kamili, na mimi nilikuwa nimebakiwa na tano, Jumamosi hadi Jumatano. Lakini PesaLink hailali wikendi. Jumamosi nikatuma 150,000, Jumapili 150,000 nyingine, kwa kikomo changu kilekile. Ikabaki 750,000. Na hapo kukawa na faida nyingine: PesaLink haipeleki zaidi ya 999,999 kwa muamala mmoja, kwa hiyo ile 1,050,000 isingepita kwa mpigo hata kama kikomo ningekipandisha mpaka mbinguni. 750,000 ilipita.

Jumapili jioni nilipiga `*100*100#` kwenye laini yangu ya Safaricom. Hiyo hufunga laini ili isibadilishwe na mtu mwingine kwa wakala. Ukitaka kuibadilisha unakwenda dukani kwao mwenyewe na kitambulisho. OTP zangu zote zinakuja kwenye laini hiyo. Kupandisha kikomo huku laini ikiwa inaweza kuhamishwa na mtu nisiyemjua ni kama kununua kufuli kisha kuacha ufunguo kwa jirani.

Jumatatu saa mbili asubuhi, watu wa harusi bado wamelala, nikakaa barazani na chai. Programu ilinipa nafasi ya kuchagua: kikomo cha kudumu au cha muda. Nikachagua cha muda, tarehe ileile, mwisho wa siku. Kwenye kiasi, programu ilikuwa tayari imenijazia 1,000,000, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa simu. Nikakifuta na kuandika 750,000. Hata kama mtu angeingia saa ile, baada ya malipo yangu kusingebaki hata shilingi ya kutuma siku hiyo. OTP ikaja, mara hii nikausoma ujumbe mzima kwanza, ulitaja kubadilisha kikomo na ukataja 750,000. Baada ya hapo benki ilinipigia kuhakikisha. Sikujibu maswali yao. Nilikata, nikawapigia mimi kwa namba ya kadi. Dada wa zamu hakuudhika hata kidogo.

Kikomo kilianza kufanya kazi baada ya muda wa saa mbili. Saa nne na dakika kumi nikatuma. Jina la yadi likatokea, nikalilinganisha na invoisi kwa mara nyingine ingawa nilikuwa nalijua kwa moyo, nikathibitisha. Mwenye yadi akanitumia picha ya taarifa yake kabla sijamaliza chai, nami nikampigia ili nisikie sauti yake.

Sikungoja mwisho wa siku. Nikarudi kwenye `Limits`, nikaandika 150,000. Kupandisha kulinichukua OTP, simu na saa mbili. Kushusha kulikubali hapohapo, bila swali. Jumatano mdogo wangu alikwenda kulichukua gari. Alinipigia kutoka yadi akiuliza kama nimesahau kitu, maana kwenye risiti mzee ameandika nimelipa 1,150,200. Zile mia mbili zilinishangaza: jaribio la kwanza sikulithibitisha, la pili ndilo lililofika, kwa hiyo nilidhani mia moja tu ndiyo ilikuwa yake. Nikafungua taarifa yangu: ya pili niliibonyeza mara mbili.