Unene wa foili kwa kuhesabu mistari
Mnaopima foili kwa slaidi mbili za kioo, hesabuni nafasi kati ya mistari, siyo mistari yenyewe. Hapo ndipo majibu mengi huharibika.

Slaidi zigusane upande mmoja, na kipande cha foili kikae upande wa pili, ili hewa katikati iwe na umbo la kabari. Mwanga wa taa ya sodiamu ushuke wima juu yake kupitia kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, nawe utazame kwa hadubini yenye skeli. Utaona mistari ya njano na myeusi ikipishana.

Tuseme kutoka pale slaidi zinapogusana hadi ukingo wa foili ni mm 50. Weka alama ya hadubini kwenye mstari mweusi, uuite sifuri, kisha sogea hadi wa 20. Umbali ukiwa mm 19.6, nafasi moja ni mm 0.98. Urefu wa wimbi wa mwanga huo, λ, ni mm 0.0005893. L ni ule umbali wa mm 50, s ni nafasi moja, na t ni unene wa foili:

t = Lλ/2s = (50 × 0.0005893)/(2 × 0.98) = mm 0.015

Ukiuita wa kwanza "moja" ukagawanya kwa 21, utapata mm 0.0158.

Mistari ikipinda, slaidi si bapa au kuna vumbi katikati. Mimi huogopa zaidi ukingo wa foili uliokatwa kwa mkasi butu: unajikunja na kuinua kioo, mistari inabaki imenyooka, na unene unaongezeka bila dalili yoyote. Kata kwa wembe mpya.