Sikuhamia Bahi

Juzi waliniaga shuleni. Mwalimu wa taaluma alisimama chini ya turubai na karatasi moja mkononi, akasoma wasifu wangu. Nimezaliwa 1965. Nimesoma Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Nimeajiriwa 1988, Daraja la IIIA. "Mwaka 2007 alihamia Wilaya ya Bahi."

Nikacheka, mwenzangu wa pembeni akadhani nalia. Sikuhamia popote jamani! Shule ileile, nyumba ileile. Dodoma Vijijini ndiyo iliyogawanywa mwaka ule, kata yetu ikaangukia Bahi. Kwangu kilichobadilika ni muhuri wa barua tu. Simlaumu yule kijana, kanakili jalada.

Kisha akasoma: "Alifundisha masomo mbalimbali." Hapo kicheko kikaisha. Katika miaka 37, 26 nilikaa darasa la kwanza, kwa sababu kila Januari wenzangu walilikwepa. Lakini jalada linatunza barua: kuajiriwa, kuthibitishwa, kupanda daraja, likizo. Nani anafundisha darasa gani hubandikwa ukutani ofisini, mwaka ukiisha hubanduliwa.

Enzi zile watoto wengi walikuja na Chigogo kitupu. Herufi r iliwatesa. Kura na kula kwao ni kitu kimoja. Nilijifunza kuanza na ma, la, ka, silabi ambazo tayari wanazo mdomoni, r nikaiweka kiporo hadi muhula wa pili.

Nilijifunza, lakini baada ya kukosea. Mwaka 1991 nilichora mtu ubaoni, nikawaambia waandike ni nini. Mtoto mmoja wa kiume akaandika "munhu". Nikampiga fimbo mbili za mkononi, nikamwambia afute. Ufutio hakuwa nao. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua mpaka karatasi ikatoboka.

Usiku nasahihisha kwa koroboi, nikafika kwenye lile tundu. Pembeni yake herufi zilikuwa bado zinaonekana kidogo. Munhu ndivyo wanavyomwita mtu kwao. Na ile nh sikuwa nimemfundisha, wala hakuna aliyemfundisha; alisikia sauti, akaitafutia herufi mwenyewe. Wenzake walioandika "mtu" na kupata vema, nusu yao walikuwa wamekariri umbo la neno kutoka ubaoni. Niliwafunikia herufi ya kwanza kesho yake, wakakwama. Yeye hakukwama.

Tangu siku ile, mtoto akiniandikia Chigogo nilikuwa naandika Kiswahili chake pembeni, bila kosa wala fimbo. Yeye sikumwomba radhi. Darasa la tatu akaacha shule, akaenda kuchunga.

Walinipa godoro, vitenge na mabati. Ile karatasi ya wasifu wameitia fremu. Binti yangu ameshashika nyundo anauliza aitundike wapi. Nimemwambia, "Subiri kwanza, mama." Sijui asubiri nini.