Magati yaliyopanda Loleza

Jumamosi, usiku. Mvua imekatika, baridi ya Mbeya imebaki.

Leo asubuhi nilimwonyesha mzee wa kamati ya maji ramani ya magati ya mtaa wao. Aliitazama kimya, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaitazama tena. "Mwanangu, hili gati letu mmelihamishia mlimani lini? Huko Loleza nani anakwenda kuchota?"

Kweli bwana. Magati yote yalikuwa yamehama kaskazini, kama kilomita 6 na nusu, yakapanda milima iliyo nyuma ya mji. Mpangilio wao ulikuwa uleule, ila si mahali pake.

Data alinitumia mwenzangu, tayari ikiwa kwenye mita, si digrii. Nimekaa nayo tangu jioni. Nikachukua nukta moja ninayoijua, latitudo -8.9 na longitudo 33.45, katikati ya mji, nikaipigia hesabu mwenyewe:

```
import math
R = 6378137.0

def mbele(lat, lon):
    return (R * math.radians(lon),
            R * math.asinh(math.tan(math.radians(lat))))

def rudi(x, y):
    return (math.degrees(math.atan(math.sinh(y / R))),
            math.degrees(x / R))
```

Nikapata x 3,723,637 na y -994,752. Kwenye faili lake, nukta hiyohiyo ina x 3,723,637 na y -988,146. Mashariki-magharibi tunakubaliana hadi mita ya mwisho, kaskazini-kusini tumepishana mita 6,606. Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu aliyeshika GPS. Kifaa kikikosea hakichagui upande mmoja tu.

Hesabu ya x haina ujanja, ni digrii zimegeuzwa mita. Kazi iko kwenye y. Ukivingirisha karatasi kuizunguka dunia kama silinda, mistari ya latitudo ambayo kwa kweli inafupika kadiri unavyoiacha ikweta inavutwa yote iwe na urefu wa ikweta. Kwetu huku mvuto huo ni 1 gawanya kwa kosaini ya 8.9, yaani 1.0122. Mchora ramani Mercator, mwaka 1569, alitaka pembe zisiharibike ili baharia afuate dira, kwa hiyo ilibidi kaskazini-kusini nako kuvutwe kwa kiasi kilekile, kila mahali kwa mvuto wake. Ukijumlisha mivuto hiyo yote midogomidogo kuanzia ikweta hadi ulipo, unapata hiyo `asinh(tan(lat))`. Ndiyo maana kurudi nyuma huwezi kugawanya y kwa mita 111,319 za digrii moja na kwenda kulala. Ukifanya hivyo, nukta yangu inarudi ikiwa -8.936, kilomita 4 kusini ya mahali pake.

Lakini mwenzangu hakukosea hapo. Yeye aliihesabu dunia kama ilivyo, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na programu yake iliandika EPSG:3395, namba inayotaja mfumo wa ramani uliotumika. Mimi nikaifungua kama EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni, ambayo inachukua latitudo ileile lakini inaifanya dunia mpira wa mviringo kamili. Zote mbili huitwa Mercator, zote zina mita, na x zake hazitofautiani. Pale ikweta hata y zinalingana. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo zinavyoachana: Dar ni kama kilomita 5, huku kwetu 6.6.

Nilimpigia. "Kaka, si utoe tu 6,606 kwenye kila y, yaishe?" Jibu la mtu mwenye usingizi. Tofauti yenyewe inabadilika karibu mita 7 kwa kila kilomita moja ya kaskazini-kusini, kwa hiyo gati lililo kilomita 5 kutoka nukta yangu lingekosea mita zaidi ya 30. Mita 30 mtaani ni nyumba ya mtu mwingine.

Kurudi kutoka 3395 hakuna fomula ya mkupuo mmoja. Unaanza na jibu la mpira, unalitumia kukadiria kiasi cha kubonyea, unahesabu upya. Nukta yangu ilianza -8.8414, ikaja -8.8996, mara ya tatu ikatulia -8.9000. Nikazungusha faili zima, kisha nikazipeleka zote mbele tena nione kama y za mwanzo zinarudi. Zimerudi.

Kabla ya kufunga kompyuta nikapima bomba jipya juu ya ramani, kwenye hizo mita za 3857: mita 607. Mzee aliniambia asubuhi kwamba wao walilipima kwa tepu, wakapata 600. Nimegawanya kwa 1.0122, nikaandika 600.

Kesho baada ya ibada nampelekea karatasi yake.