Less, fewer, much na many kwenye ujumbe wa stoo: nilivyojipanga

Nipo stoo kwenye duka la jumla la vyombo, Kariakoo. Kiingereza ninachoandika kwa siku nzima hakijazi hata nusu ukurasa: ujumbe wa mstari mmoja kwa ofisi yetu ya manunuzi iliyoko Deira, Dubai, maelezo mafupi kwenye karatasi ya kupokelea mzigo, na mara mojamoja kibao cha dukani. Anayepokea ujumbe kule Deira ni dada wa Kifilipino ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo". Mstari ule mmoja ndio anaoutegemea akiingia sokoni.

Kilichonifanya nikae chini na maneno manne, "less", "fewer", "much" na "many", ni mzigo wa chupa za chai. Kaka wa mauzo aliona chupa za chuma, zile za bei ya juu, zimepunguza kasi. Wateja wake bado wapo, hasa wanaonunua zawadi za harusi, ila hazitoki kama zamani. Akaandika Deira: "Next time send less expensive flasks." Yeye alitaka chupa za bei ya juu zipunguzwe idadi. Kontena lilipofunguliwa hapakuwa na chupa ya chuma hata moja. Zote zilikuwa za plastiki zenye kioo ndani, na za namna hiyo tulikuwa nazo mpaka kwenye ngazi. Bosi alipouliza, kaka alionyesha ujumbe kujitetea, na dada wa Deira naye akatuma picha ya ujumbe uleule kujitetea.

Kwa Kiingereza, dada ndiye aliyesoma sawasawa. Neno "less" lina kazi mbili. Linapunguza kiasi cha kitu, kama "less sugar", na pia linapunguza sifa likikaa mbele ya kivumishi. "Less expensive" ni bei nafuu zaidi, basi. "Fewer" halina kazi hiyo ya pili, linahesabu vitu tu. Kaka angeandika "fewer expensive flasks", hakuna ambaye angeisoma vingine: chupa za bei ya juu, lakini chache kuliko mara iliyopita. Mtego ni uleule kwa "less heavy pots" na "less colourful plates". Ukiona kivumishi kimekaa katikati ya "less" na jina la bidhaa, simama kwanza.

Bosi akasema kuanzia hapo ujumbe wote wa Deira upitie kwangu. Nikaanza kutafuta njia ya kuamua haraka, maana mtu anayeshusha katoni hana muda wa kufungua kitabu cha sarufi.

Njia ya kwanza niliipata kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema sahani chache, lakini sukari kidogo. Hakuna anayesema sukari chache, labda anatania. Basi panapokuja "chache" kwenye ulimi wangu, naandika "fewer". Panapokuja "kidogo", naandika "less". "Fewer plates", "fewer cartons", "fewer orders". "Less oil", "less space", "less time". Sehemu kubwa ya ujumbe wa stoo inaishia hapo.

Kwa "much" na "many" Kiswahili hakikupi msaada moja kwa moja. Sukari nyingi, sahani nyingi: neno ni lilelile, herufi kwa herufi, na ndiyo maana watu wengi wanateleza hapa kuliko kule. Ninachofanya ni kugeuza sentensi kichwani kwanza. Kinyume cha sahani nyingi ni sahani chache, kwa hiyo "many plates". Kinyume cha sukari nyingi ni sukari kidogo, kwa hiyo "much sugar". "How many cartons?" lakini "How much oil?" Ukishaizoea inakuja yenyewe.

Ila kipimo hiki kina sehemu mbili kinapodanganya, na zote mbili ziko katikati ya kazi yetu.

Ya kwanza ni majina ya jumla. Mimi nasema vyombo vichache, vifaa vichache, samani chache, habari chache. Kwa kipimo changu ningeandika "fewer" kwa zote, na ningekosea zote. Waingereza wameyaweka majina hayo upande wa sukari: "crockery" kwa sahani na vikombe kwa ujumla, "cutlery" kwa vijiko na uma, "equipment", "furniture", "information". Hayaongezwi "s" mwishoni na hayapokei namba mbele. Ndiyo dalili yake: jaribu kutanguliza kumi. "Ten spoons" inakubali. "Ten cutlery" inagoma. Likigoma, ni "less" na "much". Kwa stoo kuna dawa rahisi zaidi, nayo ni kuacha jina la jumla na kutaja kitu chenyewe au kifungashio chake. "Fewer spoons", "fewer sets", "fewer cartons of cutlery". Kinachohesabiwa pale ni katoni, na katoni hazina ubishi. Anayeuza mchele afanye vivyo hivyo: "less rice", lakini "fewer bags of rice". Jihadhari na "goods" tu, maana lina "s" na linakwenda na "fewer", lakini huwezi kusema "three goods". Nimeliacha kabisa kwenye oda, natumia "items".

Ya pili ni vipimo vyenye namba. Tunasema siku chache, wiki chache, shilingi chache, kwa hiyo kichwa kinakimbilia "fewer". Lakini muda, uzito, umbali na fedha Kiingereza kinavitazama kama kitu kimoja kilichopimwa, si vitu vingi vilivyopangwa. "Less than two weeks", "less than 5 kilos", "less than 10,000 shillings". Hapa nilikuja kuona kwamba Kiswahili kina jibu, ila si kwenye "chache", ni kwenye kitenzi "kufika". Mzigo haufiki kilo tano: kisichofika ni mzigo, kimoja. Muda haufiki wiki mbili: ni muda, mmoja. Lakini katoni hazifiki ishirini: zisizofika ni katoni zenyewe. Kwa hiyo kisichofika kikiwa kimoja, kama "mzigo haufiki", naandika "less than"; vikiwa vingi vya kuhesabu, kama "katoni hazifiki" au "mifuko haifiki", naandika "fewer than". "The parcel is less than 5 kilos." "We have fewer than 20 cartons." Nimemwonyesha kijana anayenisaidia na anaitumia hiyo tu, yale mengine hataki kuyasikia.

Kuna jambo la "much" ambalo shuleni walilipitia haraka. Hata ukiliweka mahali pake, kwenye sentensi ya kawaida ya kukubali linasikika gumu. "We have much stock" haina kosa la sarufi, lakini anayekizungumza Kiingereza kila siku angesema "We have a lot of stock". "Much" linakaa vizuri kwenye kukanusha na kuuliza: "We don't have much stock", "How much stock do you have?" Na linakaa vizuri baada ya "too", "so" na "as". Kwenye ujumbe wa kukubali naweka "a lot of" na siumizi kichwa, kwa sababu inabeba vyote, "a lot of oil" na "a lot of plates".

Na hiyo "too" nayo ina makali yake. Watu wetu wanaitumia kama "sana". Nimeona "Sales were too much today" kwenye ripoti ya jioni, mwandishi akiwa anafurahia mauzo. Msomaji wa Deira anaelewa kwamba mauzo yamezidi hadi kuleta tatizo. "Too much" na "too many" ni kupita kiasi, ni "mno" ya kulalamika. "Too many flasks" maana yake punguza. Kama unachotaka kusema ni kwamba zipo nyingi na mambo ni mazuri, "a lot of flasks" inatosha. Kwa anayenunua mzigo, tofauti ya hayo mawili ni kuagiza tena au kutoagiza.

Sasa niwape mfano wa karatasi ya kupokelea mzigo. Sahani: tuliagiza katoni 40, zikaja 38, na katoni moja ilikuwa imelowa. Kaka wa mauzo aliandika rasimu: "We received less plates and some are broken." Tuweke "fewer" mahali pa "less" na sarufi itakuwa safi, lakini dada wa Deira bado hajui lolote. Chache kwa kiasi gani? Zimevunjika ngapi? Akimfuata msafirishaji na sentensi ile atarudishwa. Tulifungua katoni iliyolowa, yenye sahani 72, tukakuta 9 zimevunjika. Nilichotuma ni hiki:

"Plates: ordered 40 ctns, received 38, 2 short. 1 ctn wet: 9 of 72 pcs broken."

Humo hakuna "less" wala "fewer". Neno "short" linasema pungufu bila kuuliza kama kitu kinahesabika. "2 ctns short" sawa, "3 kg short" sawa. Kwa karatasi za stoo nalipenda kuliko yote manne. Oda ya chupa za chai siku hizi naiandika hivyohivyo, kwa namba: "Steel flasks: 10 ctns, last time 25. Plastic: same as last time."

Kwenye vibao vya dukani nilichukua njia waliyoichukua wenye lugha. Uingereza duka kubwa la Tesco lilikuwa na vibao vya "10 items or less" kwenye kaunta za haraka, na wapenda sarufi wakawa wanalalamika kwamba iwe "fewer". Mwaka 2008 Tesco wakaamua kuandika "Up to 10 items". Ugomvi wenyewe si wa tangu Adamu: anayetajwa kuuanzisha ni Robert Baker, Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu lugha yao mwaka 1770, na yeye alisema tu kwamba kwa vitu vinavyohesabika anaona "fewer" inapendeza zaidi. Waingereza walikuwa wakitumia "less" kwa vyote karne nyingi kabla yake, na mitaani kwao bado wanatumia. Kibao chetu cha wanaochukua mzigo mdogo kinasema "Up to 5 cartons: pay here". Chini yake nimeandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zaidi, maana ndicho wateja wanachosoma.

Dada wa Deira mwenyewe huwa ananiandikia "5 less cartons this time, 35 only". Simsahihishi. Kuna 5, kuna 35, na neno la katikati haliwezi tena kumpoteza mtu. Ninayembana ni kaka wa mauzo, akiandika "less" bila namba pembeni yake.