Pafu halitelezi, ila si hewa: nilivyosoma altrasaundi ya mapafu usiku wa zamu

Nafanya kazi idara ya dharura kwenye hospitali ya wilaya, usiku eksirei kwetu mpaka mtu wa radiolojia aitwe kutoka nyumbani, kwa hiyo kifua nimejifunza kukisoma kwa mashine ya altrasaundi iliyo pale pale wodini. Nataka nieleze kesi moja vizuri maana ndo iliyonionyesha kwamba swali la "maji au hewa" halijibiwi na alama moja.

Mzee wa miaka sitini na kitu, ana presha na moyo umeshachoka, na zamani alitibiwa TB akapona. Mchana wa siku hiyo alitolewa maji ya kifuani upande wa kulia kwenye kituo kingine, usiku analetwa hawezi kulala chali, anahema mfululizo, saturesheni ya oksijeni kwenye damu 79 bila kuongezewa oksijeni, presha 200/110. Nikisikiliza, kushoto kuna krepitesheni, ile milio ya kupasuka pasuka akivuta pumzi, mpaka juu, kulia juu pumzi hazisikiki vizuri. Unaona ugumu ulipo, mtu wa moyo mwenye presha hiyo unawaza maji yamejaa kwenye mapafu, lakini mtu aliyechomwa sindano kifuani mchana unawaza pafu limetobolewa na hewa imekaa nje yake. Na matibabu hayafanani kabisa, mmoja anataka dawa na oksijeni, mwingine anataka mpira wa kifuani, na ukiweka mpira kwenye pafu lililogandana na ukuta wa kifua unaweza kulichana.

Sista alishaandaa vifaa, akaniuliza, "Daktari, tumchome?" Nikamwambia sista tumuinue akae, oksijeni iende kwa maski, nipe dakika mbili na mashine. Hizo dakika nilikuwa nazo kwa sababu presha ilikuwa juu na bomba la hewa shingoni halijasukumwa pembeni. Angekuwa presha inaanguka na upande mmoja umevimba hausikiki kitu, hapo huwa unachoma kwanza, mashine baadaye.

Nikaanza na probu nyoofu, ile ya mishipa, upande wa kulia chini ya mtulinga, nafasi ya pili kati ya mbavu, nikaisimamisha ili nipate ubavu juu na ubavu chini na vivuli vyao. Kama nusu sentimita hivi ndani ya usawa wa mbavu kuna mstari mweupe unaong'aa, huo ndo mstari wa plura, utando wa tabaka mbili, moja limelifunika pafu na jingine ukuta wa kifua, na kazi yote iko hapo. Anza na mbavu kila mara, ukiruka mbavu unaweza kushika mstari wa misuli ukadhani ni plura, halafu unatoa jibu la uongo.

Chini ya plura nikaona laini A, mistari ya kulala inayojirudia kwa umbali ule ule wa kutoka ngozi mpaka plura. Watu wengi wanakwama hapa, wanaona laini A wanasema pafu liko salama. Laini A inasema tu kwamba chini ya plura kuna hewa, na hewa iko kwenye pafu salama na iko pia kwenye kifua chenye hewa nje ya pafu. Kinachotenganisha ni mtelezo, ule mng'aro unaokwenda na kurudi kwenye mstari wa plura kila mtu akivuta pumzi. Nikakazia macho pumzi kadhaa, hakuna mtelezo. Nikabonyeza M, picha inayofuatilia mstari mmoja jinsi unavyocheza kadri muda unavyokwenda, na badala ya mistari juu na mchanga chini kama pafu linaloteleza, nikapata mistari mitupu kutoka juu mpaka chini.

Mtu angeweza kuishia hapo na kumchoma. Lakini mtelezo kukosekana unaniambia tu kwamba tabaka mbili za plura hazisuguani pale, na sababu ziko nyingi: makovu ya TB yameligandisha pafu, kuna malengelenge makubwa ya hewa ndani ya pafu, mrija wa kupumulia umezama upande mmoja, au pafu limesinyaa. Kwa wagonjwa wetu hiyo ya TB haiwezi kuachwa nyuma. Kwa hiyo nikatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni mdundo wa pafu. Kwenye ile picha ya M kulikuwa na vimikatiko vidogo vinavyoanzia kwenye plura kwenda chini, vinakuja kila moyo ukipiga. Moyo unalitikisa pafu na mtikisiko unafika kwenye plura ya nje, na hauwezi kufika kama katikati kuna hewa. Cha pili, nikashuka nafasi moja na kukutana na laini B moja, mstari wa wima unaochomoza kwenye plura yenyewe, unashuka mpaka chini ya skrini bila kufifia na unafuta laini A unapopita. Laini B inatoka kwenye pafu, hata moja tu inatosha kusema hapo ulipoweka probu pafu limegusa ukuta. Angalia isiwe vile vifupi vinavyofifia njiani, hivyo havihesabiki.

Cha tatu kilinipa kazi. Nikiendelea kwenda pembeni, kufika nafasi ya tano hivi mtelezo ukaanza kuonekana, na nukta ya pafu ndiyo alama inayothibitisha hewa nje ya pafu, pale pafu linapoishia kugusa ukuta. Lakini nukta ya kweli inacheza: umeshika probu sehemu moja bila kusogea, pafu linaingia kwenye picha akivuta pumzi na linatoka akitoa. Kwa huyu mzee mpaka haukusogea, kovu linaishia pale na pafu huru linaanzia pale, pumzi ikija ikienda.

Sasa nikabadilisha nikachukua probu ya tumbo, kina sentimita 15, nikazima zile filta za kulainisha picha kwa sababu zinafuta laini B. Kushoto mbele na pembeni, kila nafasi laini B zaidi ya tatu, sehemu nyingine zimeungana zimekuwa nyeupe tupu, na plura ni nyembamba, laini, inateleza vizuri. Kulia chini vile vile. Laini B tatu au zaidi kwenye nafasi moja, sehemu mbili au zaidi kila upande, pande zote mbili, kwa mtu wa moyo mwenye presha ile, hayo ni maji. Ingekuwa plura imekwaruzika na laini B zimeruka ruka huku sehemu nyingine safi, ningewaza nimonia kali kabla ya moyo.

Vifaa vya mpira vikarudi kabatini. Tukampa naitreti chini ya ulimi, furosemaidi miligramu 80 kwenye mshipa, oksijeni ikaendelea. Baada ya saa mbili hivi mkojo umetoka wa kutosha, saturesheni iko 94 na oksijeni, nikarudia zile zile nafasi za kushoto na laini B zilikuwa zimepungua mpaka laini A zimeanza kuonekana tena. Asubuhi eksirei ikaonyesha kovu la zamani kulia juu, hewa nje ya pafu hakuna.

Kwenye faili niliandika kila nafasi kivyake: kulia juu mtelezo haupo, mdundo upo, laini B moja, nukta ya pafu haipo. Ukiandika "mtelezo haupo" peke yake, daktari wa zamu inayofuata anaweza kuchukua ile sindano.